Rudisheni Nyaya: Barua ya Wazi kwa Wachoraji wa Picha za Majengo wa Njoro na Nakuru

Kwa wasanifu majengo, wachoraji na mawakala wa nyumba mnaofanya kazi Njoro na viunga vyake.
Nakala kwa Chama cha Wasanifu Majengo cha Kenya, na kwa ofisi ya mipango ya ardhi, Kaunti ya Nakuru.

Wenzangu,

Roshani iliyonifanya niandike barua hii iko Njokerio, jirani ya Chuo Kikuu cha Egerton. Iko orofa ya pili ya hosteli ya wanafunzi, imetokeza upande wa barabara, na vyuma vyake viko wazi hadi leo kwa sababu haikumalizwa. Siku fundi alipopanda kufunga mbao za ukingo, aligeuza shingo akaona waya wa stima uko karibu naye kuliko ngazi aliyopandia. Akashuka, na hakupanda tena. Roshani hiyo haikuwemo kwenye ramani iliyoidhinishwa. Ilizaliwa kwenye picha, na picha hiyo niliitengeneza mimi.

Ilikuwa hivi. Mwenye jengo alinitumia picha moja aliyoipiga kwa simu akiwa ng'ambo ya barabara, jengo likiwa limefikia slabu ya pili. Alitaka nimpe picha ya jengo likiwa limekwisha, ile ambayo sisi tumezoea kuiita renda, aisambaze kwa wanafunzi kabla muhula haujafunguliwa. Ndani ya fremu kulikuwa na Probox nyeupe iliyoegeshwa mbele kabisa, boda mbili, lundo la mchanga, lundo la kokoto, uzio wa mabati yaliyopinda, na msitu wa miti ya mikaratusi iliyoshikilia slabu. Juu ya hayo yote, nyaya tatu za laini ya 11 kV zilikatiza anga kutoka nguzo moja hadi nyingine, zikipita mbele ya jengo. Nikafuta kila kitu. Nyaya nilizifuta vizuri mno, nikajipongeza. Mwenye jengo alipoiona anga tupu akasema, "Hapa mbona pana nafasi, ongeza roshani." Nikaongeza. Picha ikatumwa kwa kontrakta kwa WhatsApp, na kontrakta akajenga alichokiona. Ramani ilikuwa kwenye droo.

Siandiki kuwaambia mwache kufuta. Anayefanya kazi hii kila siku anajua kwamba picha ya saiti yenye takataka zake zote haitoi renda ya maana. Ninachowaomba ni kimoja: nyaya zifuteni kabla ya kutengeneza renda, kisha zirudisheni baada ya kuitengeneza. Tunazifuta kwa sababu ya kompyuta, ambayo haijui waya ni nini. Tunazirudisha kwa sababu ya watu, ambao wataamini kwamba anga waliyoiona ndiyo anga iliyopo.

Nianze na kompyuta. Programu hizi za siku hizi zinazochukua picha ya saiti na kukurudishia jengo lililopakwa rangi hufuata kingo. Hutafuta mahali ambapo giza hukutana na mwanga ghafla, huchora mistari hapo, kisha huvalisha mistari hiyo ukuta, kioo na paa. Kwenye ControlNet, hatua hiyo ya kutafuta kingo huitwa `Canny`, na ukitaka kujua programu itachanganyikiwa wapi, fungua picha ya kingo peke yake kabla ya kuendelea. Utaona ukingo wa paa ni mstari mweupe, fremu ya dirisha ni mstari mweupe, na waya wa stima nao ni mstari mweupe, pengine mkali kuliko yote, kwa kuwa ni kitu cheusi kwenye anga nyeupe. Programu haina njia ya kujua kwamba mstari ule si mali ya jengo. Basi huutafutia kazi. Nimewahi kuona waya umegeuzwa gata, umegeuzwa ufa kwenye ukuta, na mara moja umegeuzwa ukingo wa paa la pili ambalo halikuwahi kuwepo.

Mtu atasema, si uongeze tu uhuru wa programu ili ivuke hizo takataka yenyewe? Kipimo cha uhuru huo katika programu nyingi kimeandikwa `Denoising strength`, na huanzia 0 hadi 1. Kwenye kazi zangu, nikikiacha karibu na 0.3, jengo hubaki kama lilivyo, lakini Probox nayo hubaki, imeng'arishwa tu kama imetoka kuoshwa. Nikikipeleka 0.7, Probox huondoka, lakini huondoka na madirisha: lililokuwa la vioo viwili linakuwa la vitatu, mlango unasogea, na orofa moja inakuwa fupi kuliko nyenzake. Hakuna namba ya katikati inayoondoa gari na kuacha dirisha, kwa kuwa programu haitofautishi vitu hivyo viwili. Ndiyo maana usafi hufanywa kwanza, kwa mkono, kwenye picha yenyewe, halafu kipimo kinaachwa chini.

Sasa nyaya. Watu hudhani waya ni rahisi kwa kuwa ni mwembamba. Hebu tuupime. Picha ya simu ya kawaida ina upana wa pikseli 4,000, na lenzi kuu ya simu nyingi, ukisimama mita 30 kutoka kwenye jengo, huona upana wa mita 40 hivi. Kwa hiyo mita moja ya jengo inapata pikseli 100. Waya wa laini ya 11 kV una unene wa sentimita moja au zaidi kidogo, yaani pikseli moja. Pikseli moja tu! Lakini simu yenyewe hutia ukali kwenye picha, na waya huo huzungukwa na utepe mweupe pande zote mbili, pikseli mbili tatu kila upande. Ukifuta ule mweusi peke yake, utepe mweupe unabaki angani kama kovu, na picha ya kingo itauona. Maski ya waya wa pikseli moja inatakiwa iwe na upana wa pikseli 7 au 9.

Na ifanywe kwenye picha kubwa, ya pikseli 4,000. Wengi wetu hupunguza kwanza picha hadi 1,024 kwa 768 kwa kuwa ndicho kipimo programu inachokipenda, kisha ndipo wanaanza kufuta. Kwa ukubwa huo waya ni robo ya pikseli. Haupotei, unakatika katika vipande, hapa nukta, pale kistari, na macho yako hayauoni tena ila programu inauona. Zile taa za mapambo zinazoning'inia kwenye renda nyingi za mjini Nakuru, nina shaka baadhi yake ni laini za stima zilizopunguzwa kabla ya kufutwa.

Waya ukipita angani, acha programu ijaze yenyewe, anga husamehe. Ukipita kwenye majani ya miti, vilevile. Taabu ni pale unapokatiza paa la mabati. Mabati yana migongo iliyonyooka, na kijazaji cha kompyuta hakihesabu migongo. Hukuletea mgongo unaoanza pale na kuishia hewani. Hapo shika `Clone Stamp`, chukua sampuli kwenye mgongo uleule, sentimita chache juu au chini ya waya, upige kwa kufuata mwelekeo wa mgongo. Na pale waya unapovuka ukingo wa paa, usifute kwa mkupuo mmoja. Futa upande wa anga, simama kabla ya ukingo. Futa upande wa paa, simama kabla ya ukingo. Kile kipande kidogo kilichobaki, cha pikseli 20 hivi, kichore kwa mkono kwa kunyoosha ukingo kutoka kulia na kushoto kwake. Ukiiachia programu ivuke ukingo peke yake, paa litapinda kidogo, na renda itakuza mpindo huo hadi paa lionekane limelegea.

Kabla hujafuta, lakini, nyaya zihifadhi. Hii ndiyo hatua niliyoiruka Njokerio, na huchukua robo saa. Nakili picha ya asili kwenye leya ya pili. Ongeza mwanga wa leya hiyo mpaka anga iwe nyeupe pe, nyaya na nguzo zibaki nyeusi, kisha futa kila kisicho laini ya stima. Leya hiyo ipe hali ya `Multiply`. Katika hali hiyo cheupe hutoweka na cheusi hubaki, kwa hiyo ukiiweka juu ya renda iliyokamilika, nyaya zinatua mahali pake na anga mpya inaonekana nyuma yake. Pale waya unapopita mbele ya ukuta, ambapo hakuna anga nyeupe ya kukusaidia, uchore kwa kalamu ya mkunjo kupitia alama tatu: pale unapoonekana upande wa kushoto, pale unapoonekana kulia, na chini kabisa ya mning'inio wake. Waya hauendi umenyooka kati ya nguzo mbili. Huning'inia, na katikati ndiyo sehemu yake ya chini, ambayo mara nyingi ndiyo iliyo karibu na roshani ya mtu.

Kuna mtego mmoja hapa. Leya hiyo itatua mahali pake ikiwa tu fremu haikubadilika. Picha ya 4,000 kwa 3,000 ikipunguzwa kuwa 1,024 kwa 768 huhifadhi uwiano wake, nne kwa tatu, na kuirudisha ni kuzidisha tu. Lakini ukiipeleka kwenye programu inayotaka mraba, itakata pembeni au itavuta picha, na waya wako utatua nusu mita juu ya ulipo. Nusu mita ya waya wa 11 kV si kitu cha kukosea. Hakikisha kwa kona mbili: chagua kona ya jengo iliyo kushoto chini na ukingo wa paa ulio kulia juu, uone kama zinalala sawasawa kwenye picha zote mbili.

Sasa takataka za ujenzi. Hapa ruhusa ya kufuta ni kubwa zaidi, kwa kuwa mchanga utaondoka kweli na miti ya kushikilia slabu itang'olewa kweli. Ila kuna jambo moja lililonipa somo, nalo ni lundo la mchanga.

Lundo la lori moja huwa refu kama kifua cha mtu, na pale Njokerio lilikuwa limemwagwa upande wa kushoto, mbele ya msingi. Nilipolifuta, programu ilijaza pale nyasi na ardhi tambarare kutoka kona hadi kona. Ilipendeza. Renda ikaonyesha mlango wa mbele unaoingiwa moja kwa moja kutoka nje, bila ngazi. Lakini nilipokwenda saiti baadaye, mchanga ukiwa umeshatumika, nilihesabu mistari ya mawe ya msingi inayoonekana juu ya ardhi. Kulia, mistari miwili. Kushoto, uliko mlango, mitano. Mawe ya mashini ya inchi 9 yana urefu wa sentimita 23 kila mstari, tuachane na simiti ya katikati. Tofauti ya mistari mitatu ni sentimita 69. Kiwanja kile kinateremka, na lundo ndilo lililokuwa limeuficha mteremko. Kutoka ardhi ya pale mlangoni hadi juu ya mistari mitano ni sentimita 115, unahitaji ngazi nane za sentimita 14 hivi, na mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu hawezi kuingia mpaka itengenezwe njia yake. Renda yangu ilimwambia anaingia tu.

Kwa hiyo kabla ya kufuta lundo lolote linalogusa ardhi, zunguka nyuma yake. Piga picha ya pili ukiwa umesogea hatua tatu nne pembeni, hata kama ni mbaya, ili ujue kilichofichwa. Kama huwezi kuzunguka, hesabu mistari ya mawe pande zote mbili za lundo na uchore mstari wa ardhi kwa mkono kuunganisha pande hizo, kisha ndipo uruhusu programu ijaze rangi na nyasi chini ya mstari huo. Kijazaji kinajua umbile la nyasi. Hakijui urefu wa ardhi ya Njokerio.

Ile miti ya mikaratusi chini ya slabu ina tabia yake. Imesimama wima, imepangwa kwa nafasi karibu sawa, na kwa jicho la programu inayofuata kingo hizo ni nguzo za jengo. Ukiiacha, hosteli yako itatoka na ukumbi wa nguzo kumi na mbili nyembamba kama hekalu. Ifute yote, lakini futa uwazi mmoja baada ya mwingine, usikwangue safu nzima kwa maski moja, kwa kuwa nyuma ya miti hiyo kuna nguzo za kweli za zege zilizojificha katikati yake. Zitafute kwenye ramani ya mhandisi, uziwekee alama, kisha futa kilichobaki.

Magari nitayapitia upesi. Gari linalotembea ni kazi ndogo: weka simu kwenye stendi, piga picha saba kwa muda wa dakika tano, kisha zipange moja juu ya nyingine na uchukue thamani ya katikati ya kila pikseli. Kitu ambacho hakikukaa mahali pamoja kwenye picha nyingi kati ya hizo kitatoweka, na nyuma yake patabaki barabara halisi, haikukisiwa. Boda hutoweka hivyo, na wapita njia. Gari lililoegeshwa halitoweki. Dawa yake ya kwanza ni kumwomba dereva alisogeze. Nacheka nikiandika hivi, lakini nimewaona wenzangu wakikaa saa nzima kwenye kompyuta wakifuta gari ambalo mwenyewe alikuwa kibandani mita tano pale anakunywa chai.

Ikishindikana, kumbuka kwamba gari lina vitu vinne: gari lenyewe, kivuli chake, picha yake kwenye vioo vya jengo, na doa la mafuta chini. Wanaofuta gari peke yake huacha kivuli, na kivuli kisicho na mwenyewe hugeuzwa mtaro au dimbwi na programu. Njoro iko chini kidogo tu ya mstari wa ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua liko karibu na utosi na kivuli hujikunja chini ya gari ambako hukioni vizuri. Saa tatu na nusu asubuhi hivi, jua likiwa karibu katikati ya upeo na utosi, kivuli hukaribia kulingana na urefu wa kitu. Piga asubuhi ili ukione chote, na maski yako ikizunguke chote.

Jambo lingine la magari si la kompyuta. Pale mbele ya hosteli zetu nyingi, magari yameegeshwa kwenye hifadhi ya barabara kwa sababu kiwanja hakina pa kuegesha. Ukiyafuta na kuweka bustani, umempa mwenye jengo ardhi ya umma. Yafute, sawa, lakini pale pawekwe changarawe na mtaro kama palivyo.

Nimalize upande wa kazi kwa kipimo ambacho sasa sitoi picha bila kukifanya. Weka picha ya asili juu ya picha safi na ubadilishe hali ya leya iwe `Difference`. Pikseli zinazofanana huwa nyeusi, zilizobadilika huwaka. Ukiangalia, unatakiwa uone umbo la Probox, umbo la lundo, mistari mitatu ya nyaya na vingine ulivyovifuta, na giza kwingine kote. Kikiwaka kitu ambacho hukukusudia, kama ukingo wa dirisha, kona ya paa, au kipande cha jengo la jirani, umegusa pasipokuhusu, rudi ukarekebishe. Kipimo hicho hufanywa kwenye picha safi, kabla ya renda, kwa kuwa kwenye renda kila kitu huwaka na huwezi kubainisha lolote. Picha hiyo ya giza na mwanga iwekeni kwenye faili. Ndiyo risiti yenu ya kile mlichokiondoa.

Sasa nirudi kwa nyaya, kwa kuwa ndizo zilizonitoa jasho. Kampuni ya umeme huweka njia ya mita 10 kwa laini ya 11 kV au 33 kV, yaani mita 5 kila upande wa laini, ambamo hujengi. Kwa laini za 132 kV njia hiyo ni mita 30. Chukueni ile ploti yetu ya kawaida ya futi 50 kwa 100. Upana wake ni mita 15 na ushee. Laini ya 11 kV ikipita katikati yake kwa urefu, mita 10 kati ya 15 si zako za kujenga. Umebaki na vipande viwili pembeni, kila kimoja cha mita mbili na nusu. Laini ikipita nje ya ploti, mita mbili kutoka kwenye mpaka wa mbele, bado inakula mita tatu za ndani. Hapo ndipo roshani zinapozaliwa.

Mtu aliye Nairobi au Doha anayeletewa renda ya ploti kwenye simu hawezi kuyajua hayo. Anaona anga. Akishalipa ndipo anagundua kwamba kuhamisha laini kuna gharama, na anayeomba ihamishwe ndiye hulipa. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu kinachouzwa, na sioni kwa nini picha isihesabiwe kuwa maelezo. Mawakala, hili ni lenu kuliko letu. Sisi tunachora tulichoagizwa; ninyi ndio mnaoiweka picha karibu na bei.

Kuna wanaonijibu kwamba renda ni ndoto, na mteja analipia ndoto. Mwenzangu mmoja aliniambia hata mavazi ya harusi hupigwa picha bila madoa. Sawa. Lakini doa la gauni hufuliwa. Laini ya 11 kV haifuliki, na siku ya kuhamia itakuwa pale pale. Kipimo changu ni rahisi: kitu ambacho kitakuwa kimeondoka siku jengo linapokabidhiwa, kifute bila wasiwasi. Kitu ambacho bado kitakuwepo, kifute kwa ajili ya kompyuta tu, kisha ukirudishe. Mchanga, mikaratusi, uzio wa mabati, Probox ya fundi: vinakwenda. Nyaya, nguzo, transfoma, mtaro wa barabara, mkaratusi wa jirani: vinabaki.

Kwa Chama cha Wasanifu, naomba jambo dogo. Mwongozo wenu kwa wanachama useme kwamba renda inayotokana na picha ya saiti iambatane na picha ya asili isiyoguswa, yenye tarehe. Kwa ofisi ya mipango ya kaunti, ambayo chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 ndiyo inayopokea maombi ya ruhusa ya kujenga, naomba renda yoyote inayoletwa pamoja na ramani ikataliwe kama haina picha hiyo ya asili pembeni yake. Afisa hahitaji programu yoyote. Ataziweka picha mbili mezani, atahesabu nyaya kwenye moja, kisha atahesabu kwenye nyingine.

Kwa upande wangu, renda ya Njokerio nimeitengeneza upya. Roshani haimo, ngazi nane zimo, na nyaya tatu zinapita mbele ya orofa ya pili kama zinavyopita. Mwenye jengo aliitazama muda mrefu, akaniuliza kama siwezi kuzififisha kidogo. Nikamwambia naweza kuzifanya ziwe na rangi ya kijivu badala ya nyeusi, kwa kuwa ndivyo zinavyoonekana asubuhi kukiwa na ukungu unaoshuka kutoka Mau. Tulikubaliana hapo.

Jumamosi nitakuwa tena Njokerio, saa moja asubuhi kabla magari hayajajaa, nikipiga picha jengo la jirani lililoanza kuinuka. Anayetaka kuona jinsi leya ya nyaya inavyotengenezwa aje na kompyuta yake na picha moja ya saiti yake mwenyewe. Stendi ya miguu mitatu ninayo.

Mwenzenu katika kazi,
Mchoraji wa picha za majengo, Njoro